Kukataa kazi ya hoteli bila ya kumuudhi aliyekuita: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Maswali haya nimeyakusanya kwa watu wanaonipigia simu au kunisimamisha njiani, wengi wao vijana wa mapokezi, jikoni na usafi wa vyumba. Mimi nimefanya kazi ya utumishi katika hoteli za shamba, kaskazini na kusini ya Unguja, kwa hivyo nimepokea ujumbe wa kukataa kazi wa kila namna: mzuri, mbaya, na ule ambao haukufika kabisa. Majibu yangu yanahusu hoteli kwa sababu huko ndiko nilikokaa. Aliye benki au kwengine atachukua kinachomfaa.

Kwani nikikataa afisa utumishi anapata shida gani? Si atachukua mwengine?

Atachukua mwengine kama mwengine bado yupo. Watu wengi hili hawalioni kwa sababu hawajawahi kukaa upande wa pili wa meza.

Nafasi moja ya mapokezi, kwa kawaida, tunabakisha watu watatu baada ya usaili. Wa kwanza anapelekewa barua ya ajira. Wa pili na wa tatu hatuwaambii kitu, wanasubiri. Nao hawasubiri wamekaa kitako, wanasailiwa hoteli nyengine. Kila siku unayokaa kimya, wa pili anazidi kuponyoka. Wewe ukisema hapana baada ya wiki mbili, afisa anampigia wa pili anakuta ameshaanza kazi Kiwengwa, na wa tatu meneja wa mapokezi hakumtaka tangu mwanzo. Inabidi kutangaza upya.

Sasa lichanganye hilo na majira. Masika, kuanzia mwezi wa nne hadi wa tano, hoteli nyingi za pwani hupungukiwa na wageni, na baadhi hufunga kwa matengenezo. Huo ndio wakati wa kuajiri na kufundisha. Mwezi wa sita ukianza kuishia wageni wanamiminika, na wanaendelea hadi mwezi wa kumi. Hapana ya mwezi wa tano ni taarifa tu. Maneno yale yale yakifika wiki ya mwisho ya mwezi wa sita ni msiba, kwa sababu ratiba ya zamu imeshabandikwa ukutani na jina lako limo.

Kwa hivyo ukitaka kujua afisa anakasirikia nini, si kukataa. Anakasirikia siku ulizomlia.

Nina siku ngapi za kujibu?

Barua ya ajira ikiwa na tarehe ya mwisho, hiyo ndiyo. Ikiwa haina, uliza siku ile ile uliyoipokea: "Naomba kujua mwisho wa kujibu ni lini." Swali hilo halimuudhi mtu. Ila tarehe ya mwisho isiwe ndiyo siku yako ya kujibu. Ukishajua moyoni kwamba huendi, kila siku ya ziada unayokaa nayo unaikaa kwa faida yako peke yako, na mwenzako anailipia.

Niandike nini hasa? Naomba mfano.

Nitaeleza kisa kimoja cha kweli, nimebadilisha machache asijulikane mwenyewe.

Dada mmoja wa Fuoni alikuwa mapokezi katika hoteli ndogo ya Mji Mkongwe. Akasailiwa hoteli kubwa ya Nungwi kwa nafasi ya msimamizi wa zamu. Alkhamis alasiri ikamfikia barua ya ajira kwa wasapu, kurasa mbili, na maelezo kwamba ajibu kabla ya Jumatatu saa sita mchana. Kuanza kazi ni tarehe 1 ya mwezi wa sita. Mshahara umezidi wa kwake kwa shilingi 200,000, chakula kipo, malazi yapo, na sevis chaji ni ziada juu ya hayo. Tatizo lilikuwa moja: Nungwi ni kiasi cha kilomita 60 kutoka mjini, zamu ya jioni inamalizika usiku ambapo gari za abiria za njia ya 116 hazipo tena, kwa hivyo siku sita atalala nyumba za wafanyakazi na siku ya saba ndiyo arudi kwao. Ana mtoto anaanza skuli mwaka huo. Ijumaa usiku akaamua haendi. Jumamosi asubuhi akanijia nyumbani na simu mkononi, ujumbe ameshauandika, anataka niusome kabla hajautuma. Ulikuwa hivi:

> Assalaam alaykum dada. Samahani sana kwa usumbufu naomba uniwie radhi. Ofa nimeiona na nimefurahi sana ila kwa sasa nina mambo ya kifamilia kidogo na pia mshahara nilitarajia ungezidi kidogo, kwa hivyo naomba nifikirie, Inshaallah nikiwa tayari nitawajulisha. Msinichukulie vibaya.

Nikamuuliza: "Mwanangu, umekataa au umekubali?" Akasema: "Nimekataa, shangazi." Nikamwambia mimi ningepata ujumbe huu ningemngojea mpaka Jumatano, na huku nikimwombea kwa mhasibu aongezewe kidogo kwenye mshahara.

Tazama maneno yenyewe. "Kwa sasa" inamaanisha baadaye huenda. "Naomba nifikirie" inamaanisha bado. "Nikiwa tayari nitawajulisha" ni ahadi. "Mshahara nilitarajia ungezidi" ni mlango wa kujadiliana, tena si kweli, kwa sababu hata wangemwongezea 100,000 nyengine bado asingelala Nungwi. Na "mambo ya kifamilia" bila ya kusema lipi, afisa anasikia kisingizio. Hapana ya dada huyu ilikuwa imezama chini ya heshima yake mwenyewe.

Tukakaa, tukaandika upya. Uliotumwa ni huu:

> Assalaam alaykum Bi Fulani,
>
> Ahsante kwa barua ya ajira ya Alkhamis, na kwa muda mlionipa siku ya usaili, wewe na meneja wa mapokezi. Nimeisoma vizuri na nimeizungumza nyumbani. Nimeamua sitoichukua nafasi hii ya msimamizi wa zamu.
>
> Kazi yenyewe nimeipenda. Lakini inanihitaji nilale Nungwi siku sita, na mimi nina mtoto anayeanza skuli, kwa hivyo kila siku lazima nirudi nyumbani.
>
> Nimekuarifu leo ili upate nafasi ya kumpigia mwengine kabla ya Jumatatu. Na yale uliyonieleza kuhusu kupanga zamu za usiku yamenifaa hata hapa nilipo. Nakutakieni msimu mwema.

Chini akaandika jina lake kamili na nafasi aliyoiomba, kwa sababu afisa huyo huenda anaajiri watu ishirini kwa mpigo na namba ya simu peke yake haimwambii kitu.

Ujumbe huu una mambo manne tu. Shukrani yenye kitu ndani yake: siku, barua, watu waliomsaili. Kisha hapana yenyewe, tena mapema, katika mistari ya mwanzo, kwa sababu afisa anausoma ujumbe kwenye simu akiwa anatembea kati ya jikoni na ofisi. Kisha sababu moja. Kisha kile anachompa mwenzake, yaani muda. Hilo la mwisho ndilo linalobakisha ukaribu, na ndilo watu wanalolisahau. Anaposoma "ili upate nafasi ya kumpigia mwengine" anajua unaielewa kazi yake.

Ile sentensi ya zamu za usiku dada aliitaka mwenyewe. Mimi niliona inatosha bila ya hiyo. Nilikosea, nitaeleza huko mbele.

Inshaallah ya dada kwenye ujumbe wa kwanza mmeitoa. Kwa nini? Si ni neno jema?

Ni neno jema, na mimi mwenyewe nalitamka kutwa. Tatizo ni namna sisi tulivyolizoea. Ukialikwa harusi na huendi, unasema "Inshaallah" ili usimvunje moyo mwenyeji, na mwenyeji anaelewa. Kwenye kazi, meneja mgeni kutoka nje halielewi hivyo. Kwake yeye ni ndiyo. Na afisa Mzanzibari analielewa kwa namna zote mbili, kwa hivyo hajui ashike ipi. Mwenyewe nimewahi kumwekea mtu kitanda nyumba za wafanyakazi kwa Inshaallah yake.

Itie kwenye dua: "Inshaallah msimu utakuwa mzuri." Usiitie kwenye jibu.

Na tukiwa kwenye maneno: "sitaki" ni kali mno kwa mtu aliyekupa kitu. "Siwezi" inamfanya mwenzako atafute njia ya kukuwezesha. "Sitoweza" ni ya heshima na inakubalika, lakini isifuatwe na "kwa sasa". Mimi napendelea "nimeamua sitoichukua", kwa sababu inaonyesha jambo limeshakwisha na aliyelimaliza ni wewe, si mume, si mama, si mshahara.

Lazima niseme sababu?

Si lazima. Unaweza kuandika "baada ya kuzingatia hali yangu" ukaishia hapo, na afisa mzoefu hatokuuliza. Lakini sababu moja ya kweli, fupi, inapunguza maumivu. Kabla ya kuiandika jiulize hivi: wakiliondoa tatizo hili kesho, nitakwenda? Kama jibu ni hapana, hiyo si sababu yako, iwache. Kama jibu ni ndiyo, basi usikatae. Piga simu mjadiliane.

Ukiwa umepata kazi kwengine, sema umepata kwengine. Usitaje ni wapi wala kiasi gani unalipwa, isipokuwa wakikuuliza na wewe umeridhia. Wala hakuna haja ya kuwaambia kwamba kule ni bora. Maneno kama "nimepata nafasi iliyo karibu zaidi na kazi ninayotaka kuifanya" yanatosha.

Ukiwa umeona vitu vibaya siku ya usaili, kwa mfano nyumba za wafanyakazi zinavuja au meneja alimfokea mhudumu mbele yako, usiviandike humo. Ujumbe wa kukataa haukarabati paa. Na maandishi yanasafiri. Ulichomwandikia afisa kesho kinasomwa na meneja mkuu.

Nikisema mama anaumwa, itakuwa vibaya?

Kama anaumwa kweli, Mwenyezi Mungu ampe afya, sema. Kama haumwi, usimtie mama yako kwenye jambo hili. Unguja ni ndogo. Maafisa utumishi wa hoteli tunajuana, tunapigiana simu kuulizana habari za waombaji, tunakutana msibani na harusini. Uliyesema unamuuguza mama Makunduchi utaonekana umevaa sare mpya Kendwa wiki ya pili yake, na atakayekuona ni binamu wa mtu. Kila mwaka tunawaita tena watu waliokataa kazi. Aliyetudanganya kwa jambo dogo namna hiyo jina lake linabaki na alama, na hakuna atakayemwambia.

Nimekataa, sasa wananiuliza "unataka kiasi gani?" Nifanyeje?

Hapa ndipo watu wanapoteleza. Kuulizwa bei kunapendeza. Unaona aibu kukataa mara mbili, unataja namba kubwa ukitarajia watashindwa. Kisha wanasema sawa.

Nimeliona hili kwa mpishi mmoja. Alitaja namba iliyozidi ofa kwa nusu nzima, akidhani amejiokoa. Meneja mkuu akaikubali siku hiyo hiyo. Mpishi akakaa kimya siku tatu, akazima simu. Namba yake bado ninayo, lakini sijawahi kuipiga tena, na kusema kweli ni mpishi hodari.

Kama mshahara haukuwa tatizo, jibu ni moja:

> Ahsante sana kwa kufikiria kuniongezea. Nisingependa ujisumbue na uongozi kwa ajili yangu, kwa sababu tatizo si mshahara. Uamuzi wangu ni ule ule.

Hiyo "nisingependa ujisumbue na uongozi" si pambo. Afisa akitaka kukuongezea inabidi akuombee kwa meneja na mhasibu, na akikuombea ukakataa, aliyeaibika ni yeye.

Na kama kweli tatizo ni mshahara, hukupaswa kukataa. Ulipaswa kuuliza kabla: "Nafasi ya kuzungumza kuhusu mshahara ipo?" Kukataa ili ubembelezwe ni mchezo wa hatari. Tunaweza kusema "haya, ahsante" na kumpigia wa pili kabla chai yako haijapoa.

Nipige simu au niandike?

Alikupa habari kwa njia gani? Kama alikutumia barua kwa wasapu au barua pepe, jibu kwa njia hiyo hiyo. Kama alikupigia mwenyewe akakupongeza, mpigie kwanza, dakika mbili, kisha mwandikie mistari michache ili awe na cha kumwonyesha meneja wake. Bila ya maandishi anaweza kuulizwa "una hakika amekataa?" na hana ushahidi.

Saa zina maana. Saa nne asubuhi wageni wanatoka, saa nane mchana wengine wanaingia, hoteli nzima inakimbizana. Ijumaa usimpigie mtu kati ya saa sita na saa nane. Mwezi wa Ramadhani piga asubuhi; alasiri kila mmoja ana haraka ya kufika nyumbani. Saa tano asubuhi au saa kumi jioni mara nyingi ni pazuri.

Usimtumie ujumbe wa sauti. Hawezi kuusikiliza mbele ya watu, hawezi kumpelekea mtu, na dakika yake ya kwanza yote huwa ni salamu.

Kazi nilitafutiwa na mjomba. Nimwambie nani kwanza?

Mjomba kwanza, afisa baadaye, siku moja. Ukianza kwa afisa, afisa atamwambia mjomba wako kabla yako, na hapo umewavunjia heshima watu wawili. Mwambie mjomba kwa mdomo, ukiwezekana umwendee: "Shikamoo mjomba. Nimekuja kukushukuru, na nina neno. Kazi wamenipa, lakini nimeona sitoiweza kwa sababu hii. Nataka kumwambia yule bwana leo, nikaona nianze na wewe."

Atakachokuomba mjomba ni kwamba alimalize yeye: "Wacha, nitazungumza naye mimi." Mshukuru, na umwambie utamwandikia mwenyewe. Nina sababu. Mjomba akikwenda kukusemea, atalipamba. Atasema unaumwa, au mumeo amekataa, au utakuja mwakani. Yeye anaokoa uso wake, na hilo ni haki yake, lakini maneno hayo yatabaki kwenye jina lako.

Kwenye ujumbe mtaje mjomba mara moja tu: "Mzee aliyenileta kwako nimeshamwarifu, na yeye anakushukuru." Afisa anapumua, maana alikuwa anajiuliza atamtazamaje msikitini.

Mimi natoka Pemba. Walinilipia boti kuja kusailiwa.

Rudisha, au angalau toa kauli ya kurudisha, ndani ya ujumbe ule ule: "Nauli ya boti mliyonilipia kutoka Mkoani niko tayari kuirejesha. Naomba unielekeze nitume wapi." Hoteli nyingi zitakwambia basi. Lakini afisa aliyesaini karatasi ya nauli hiyo ataulizwa na mhasibu, na kauli yako ndiyo ngao yake. Usiseme "nitarejesha" kisha usirejeshe. Hiyo ni mbaya kuliko kunyamaza.

Na kama umepewa sare au kadi, visirudi kwa mkono wa dereva wa gari asiyejulikana. Peleka mwenyewe au mpe mtu atakayesaini.

Nilikubali kwa mdomo wiki iliyopita. Sasa nimebadilisha mawazo.

Hili ni zito kidogo, kwa sababu tangu uliposema ndiyo wale wawili wengine wameshaambiwa nafasi imejaa. Hapa simu ni lazima, na ombi la radhi ni lako kulitoa, mara moja, bila ya kulirudia rudia: "Nilikubali, na sasa narudi nyuma. Najua nimekuharibia mpango, naomba uniwie radhi." Usijitetee. Anayekiri kwa sentensi moja anasamehewa haraka kuliko anayeeleza dakika kumi.

Uliza pia kuhusu nakala zako. Baada ya kukubali, kwa kawaida unakuwa umeshatuma kitambulisho cha Mzanzibari, namba ya ZSSF, picha, pengine na cheti cha afya. Omba kwa upole visitumike tena. Si kwa kumshuku mtu; faili la mtu asiyeajiriwa huwa linazagaa.

Na kama nimeshatia saini mkataba?

Basi hukatai ofa tena, unavunja mkataba, na ujumbe mzuri peke yake hautoshi. Soma kifungu cha notisi na kile cha muda wa majaribio kwenye karatasi uliyosaini. Jihadhari na ushauri wa mitandaoni: mwingi unazungumzia sheria ya Bara, na sisi tuna yetu, Sheria ya Ajira Nam. 11 ya 2005. Ukiona karatasi inakutisha, kwa mfano inasema ulipe fedha ukiondoka kabla ya kuanza, ipeleke Kamisheni ya Kazi wakusomee kabla hujaandika chochote.

Nipendekeze mtu badala yangu?

Ukiwa naye kweli, ndiyo. Hakuna zawadi kubwa kuliko hiyo kwa afisa mwenye nafasi tupu. Ila muulize mtu huyo kwanza, na usitume namba yake kabla hajakubali. Huenda bado yuko kazini kwake na hataki ijulikane anatafuta.

Andika hivi: "Namjua mtu aliyefanya mapokezi miaka mitatu na yuko tayari kulala huko. Ukipenda nitakuunganisha naye." Mwache afisa aseme nipe. Na usimpendekeze mdogo wako ambaye hajawahi kushika simu ya hoteli, ili tu usionekane umeondoka mikono mitupu. Atakayekumbukwa ni wewe.

Nimetuma, tiki ni za buluu, siku tatu hajajibu. Amekasirika?

Labda. Zaidi ni kwamba yuko mbioni kumtafuta mwengine. Usimtumie "vipi dada, umeniona?" wala usianze kujieleza upya. Ujumbe wako haukuwa swali, kwa hivyo haudai jibu.

Yule dada wa Fuoni alijibiwa Jumamosi hiyo hiyo baada ya Adhuhuri: "Wa alaykum salaam. Nimesikitika lakini nimekuelewa. Ahsante kwa kuniambia mapema." Basi. Akaja kwangu amenyong'onyea, anasema jibu ni baridi. Nikamwambia mtu wa utumishi aliyeandika "mapema" amekusifu, hana neno jengine zuri kuliko hilo.

Mwezi wa tisa simu ikalia. Ni yule afisa. Hakumpigia kumpa kazi. Alikuwa anataka mtu wa zamu ya usiku, na akakumbuka dada aliyemwandikia kwamba maelezo yake ya zamu za usiku yamemfaa. Akamuuliza kama anamjua mtu. Kumbe ile sentensi niliyotaka kuifuta ndiyo iliyomfanya akumbukwe.

Ni lini naweza kuomba tena hoteli ile ile?

Msimu unaofuata, au likitokea tangazo la nafasi isiyo na tatizo lile lile. Ukiomba, mwandikie afisa yule yule na ulitaje jambo lenyewe usilipite kimya: "Mwaka jana nilikataa nafasi ya Nungwi kwa sababu ya kulala huko. Hii ya ofisi ya mjini hainihitaji kulala." Ukisema hivyo umemwondolea swali ambalo angelikuuliza, au vibaya zaidi, asingelikuuliza.

Nimeshakataa, sasa nimejuta. Naweza kurudi?

Siku hiyo hiyo au ya pili yake, ndiyo, kwa simu, si kwa ujumbe. Sema: "Nilikukatalia jana, nimefikiri upya, na kama nafasi haijapata mtu ningependa kuichukua. Kama imepata, nimeelewa." Halafu nyamaza umsikilize. Akisema imeshachukuliwa, isadiki. Usimwombe akutafutie nyengine siku hiyo. Na akisema bado ipo, mwambie utatia saini lini, saa ngapi, na ufike kabla ya saa hiyo.